Picha 612 za vyombo, mteja anataka nyuma nyeupe zote. Bachi imenitia aibu, msaada wakuu

mpiga_jioni
Wakuu habari za jioni. Niko Dar, napiga picha za biashara, Photoshop naijua ya kujitafutia ugali tu, siyo ya kufundisha mtu. Nimepata oda ya duka la vyombo vya jikoni, picha 612 jumla: sufuria za aluminiamu, chupa za chai, vikombe na sahani za udongo, mabakuli ya melamini na glasi. Wanazitaka zote mraba 2000 kwa 2000, chombo katikati, bakgraundi nyeupe pee. Nilipigia dukani kwao siku mbili, juu ya shuka la bluu maana ndilo lililokuwepo, naomba msinitukane kwa hilo nimeshajitukana mwenyewe.

Nikarekodi aksheni: Select > Subject, nikaweka maski, nikaweka leya nyeupe chini, Save As, nikafunga. Kisha File > Automate > Batch nikaenda kulala. Asubuhi nimefungua folda nakuta picha MOJA. Moja jamani, ya kifuniko cha sufuria. Nikarudia nikibadilisha setingi, safari hii ikakwama picha ya 23 ikanisubiri nibonyeze OK usiku kucha. Mara ya tatu ikafika mwisho lakini kazi yenyewe ni aibu, masikio ya vikombe yana bluu ndani, sahani nyeupe zimeliwa pembeni kama zimeng'atwa na panya, na nyingine sijui hata kama ni mbovu maana nyeupe juu ya nyeupe macho yangu hayaoni kitu. Leo Jumatatu, mzigo unatakiwa Ijumaa. Kuzipitia moja moja 612 sitaweza, nifanyeje?

BabaAbduu
Mnajisumbua bure na hizi Select Subject. Shuka si la rangi moja? Chukua Magic Wand, weka Tolerance 32, toa tiki kwenye Contiguous, bonyeza kwenye bluu, futa, weka nyeupe, rekodi hiyo kama aksheni, kwisha habari. Sisi tangu Photoshop 7 tunafanya hivyo na wateja wanalipa.

fundi_maski
Pole mkuu, haya yote yana sababu zake, ngoja niende taratibu.

Picha kuwa moja: uliporekodi Save As uliandika jina la faili, au ulilibadilisha hata kidogo. Aksheni inakumbuka jina hilo hilo, kwa hiyo picha zote 612 zilihifadhiwa juu ya faili moja, ya mwisho ndiyo ikabaki, na ndiyo hicho kifuniko chako. Dawa ni kuweka tiki kwenye Override Action "Save As" Commands ndani ya dirisha la Batch, uchague folda ya kupokea na majina yatoke kwenye majina ya asili. Ila angalia, ukiweka tiki hiyo lazima ndani ya aksheni hatua ya Save As iwepo, ukiifuta haihifadhi chochote, bachi inakimbia mpaka mwisho na folda tupu. Na kamwe usichague Save and Close kwenye Destination ukiwa na picha za asili, hiyo inaandika juu ya asili yako na hakuna pa kurudi.

Kukwama picha ya 23: pale Select Subject haikuona kitu, hakukuwa na uteuzi wowote, hatua iliyofuata ya kuweka maski ikakosa cha kufanyia kazi. Chini kabisa ya dirisha kuna Errors, ibadilishe kutoka Stop for Errors iwe Log Errors to File. Itaruka picha hiyo na kuandika jina lake kwenye faili la maandishi, asubuhi unaisoma hiyo orodha kwanza kabla ya chai.

Kingine ambacho hujaulizia ila kitakuja kukuuma. Wakati wa kurekodi ukibofya leya kwa mausi, aksheni inaandika JINA la leya. Siku faili likija na leya ya jina jingine inagoma. Tumia Alt+[ na Alt+] kuhama leya, hapo inarekodi "leya ya chini" au "ya juu" bila kujali jina.

BabaAbduu mzee wangu, njia yako siikatai, ila alipigia dukani siku mbili. Hilo shuka asubuhi ni bluu, mchana lina mwanga wa dirishani, jioni lina taa ya njano na mikunjo yenye kivuli. Uliporekodi, ile nukta uliyobonyeza imerekodiwa kama mahali, pikseli kadhaa kutoka kushoto na juu, siyo kama "bluu popote ilipo". Kwenye picha nyingine nukta hiyo hiyo inaweza kuwa tumbo la sufuria.

BabaAbduu
Sawa hapo kwenye nukta umenishika. Lakini kwenye sikio la kikombe njia yangu inatoa bluu na hiyo Select Subject yenu haitoi. Bisha.

fundi_maski
Sibishi hapo. Tutarudi.

shamsa_mikoba
Samahani wapendwa naingilia, mie nauza mikoba ya ukili wasap, natumia simu tu, nikitoa bakgraundi ile mikanda ya mkoba inapotea yote, mkoba unabaki kama kikapu cha mayai. Nataka kuweka bakgraundi ya bahari, mnatumia apu gani?

mpiga_jioni
Dada Shamsa sisi tunazungumzia picha mia sita za kompyuta, za simu sijui kabisa.

kodi_usiku
Sasa wadau. Mimi niko Nairobi, hufanyia kazi hizi duka za onlaini, na Photoshop niliachana nayo kwa hii kazi ya wingi. Tumia `rembg`, ni programu ya Python ya bure, unaipa folda inakurudishia folda. Mara ya kwanza itapakua modeli, ile ya kawaida `u2net` ni kama MB 176, baada ya hapo hata intaneti ikipotea inaendelea.

```
pip install "rembg[cpu,cli]"
rembg p picha jaribio
```

Hiyo tu msee, unaenda kulala. Haina dirisha la kukuuliza OK saa nane usiku.

mpiga_jioni
Ngoja nijaribu, leptopu ya mdogo wangu ina Ubuntu naona itakubali kirahisi.

mpiga_jioni
Nimerudi. Imekimbia zote 612 bila kukwama, hilo naisifu. Sahani nyeupe zimetoka vizuri kuliko za kwangu. LAKINI kingo zote laini laini kama sabuni, sufuria ina ukungu pembeni, na ukivuta karibu mdomo wa chupa ya chai umeviringwa wakati una kona kali. Picha zangu ni pikseli 4000 kwa 3000, siyo kwamba ni ndogo.

fundi_maski
Hapo kodi_usiku hajakosea ila hajamaliza. Modeli ya `u2net` haiangalii picha yako ya 4000, inaipunguza kwanza mpaka 320 kwa 320, inachora maski kwa udogo huo, halafu maski inavutwa kurudi 4000. Kwa hiyo nukta moja ya maski inafunika pikseli zaidi ya 12 za picha yako kwa upana, utapata wapi kona kali? Jaribu `isnet-general-use`, hiyo inafanyia kazi kwenye 1024 kwa 1024. Nayo inapunguza, lakini nukta moja inafunika pikseli kama 4, na wewe mwisho wa safari unashuka hadi 2000, kwa hiyo ukungu unaobaki ni mdogo.

Na jambo kubwa zaidi ambalo naomba ulishike: usitoe picha iliyokatwa moja kwa moja, toa MASKI peke yake. Maski ni picha ya kijivu tu, nyeupe ni chombo na nyeusi ni cha kutupa. Ukiwa nayo kando unaweza kuikagua, kuirekebisha, kuikaza, kuichora kwa mkono kwenye picha 20 zilizoharibika, na picha za asili hujazigusa. Mteja akija kesho akasema anataka kijivu badala ya nyeupe unabadilisha hatua ya mwisho tu, hukati upya.

```
cp -r picha asili
magick mogrify -auto-orient asili/*.jpg
rembg p -m isnet-general-use -om asili maski
magick mogrify -level 5%,95% maski/*.png
```

Hiyo `-om` ndiyo inayosema nipe maski tu. Mstari wa pili usiuruke, `mogrify` inaandika juu ya faili ndiyo maana mstari wa kwanza ni nakala, usije ukaielekeza kwenye folda yako ya asili halisi. Mstari wa mwisho unachukua ule ukungu hafifu, vile vijivu vilivyokaribia weusi vinakuwa weusi kweli na vilivyokaribia weupe vinakuwa weupe kweli. Bila huo utapata picha ambayo kwa macho ni nyeupe lakini ukipima ni 251 au 248 kwenye wingu fulani karibu na chombo.

Kisha unaunganisha:

```
mkdir -p kata
for f in asili/*.jpg; do
  n=$(basename "$f" .jpg)
  magick "$f" "maski/$n.png" -alpha off \
    -compose CopyOpacity -composite "kata/$n.png"
done
```

kodi_usiku
Kweli, hiyo ya 320 sikuwa naijua, mimi bidhaa zangu huwa viatu na mteja anataka pikseli 800 ndio maana sijawahi kuona tofauti. Asante buda.

mpiga_jioni
Mkuu mimi mstari wa `-auto-orient` niliuruka kabla sijasoma kwamba nisiuruke 😅 nilikuwa na haraka. Picha zote nilizosimamisha kamera zimetoka kituko, chupa ya chai imelala lakini maski iko wima, yaani nimekata umbo la chupa iliyosimama kutoka kwenye chupa iliyolala.

fundi_maski
😂😂 Ndiyo yenyewe. Kamera haizungushi pikseli, inaandika tu kwenye faili kwamba "nilishikwa wima". Rembg inalisoma hilo neno na kugeuza, hatua inayofuata hailisomi. Futa maski, anza tena kwa mpangilio.

mpiga_jioni
Nimeanza upya. Folda ya `kata` ina 571. Kwenye `maski` ziko 612. Hakuna kosa lolote lililoonekana kwenye skrini. 41 zimeenda wapi?

kodi_usiku
Angalia majina. Nabeti ziko `.JPG` kwa herufi kubwa.

mpiga_jioni
Duh! Ndiyo, siku ya pili nilitumia kamera ya rafiki yangu, inaandika JPG kubwa, zangu jpg ndogo. 41 kamili.

kodi_usiku
Hiyo `*.jpg` kwenye Linux haioni `*.JPG`, inapita kimya kimya bila kulalamika. Na kumbuka `mogrify` nayo haikuziona, kwa hiyo hizo 41 hazijageuzwa pia. Badilisha majina yote yawe madogo kwanza, halafu rudia hizo tu. Mimi kila hatua nikimaliza huwa nahesabu, `ls kata | wc -l`, ikikosekana hata moja sisongi mbele. Nilishawahi kumpelekea mteja viatu vya kushoto vitupu, stori ya siku nyingine.

mama_wa_kazi
Nafuatilia kimya kimya. Mimi swali langu ni la yule mwenye uzi alilouliza mwanzo na hamjamjibu. Atajuaje zipi mbovu bila kufungua 612? Mnamuongezea mashine tu za kutengeneza mbovu kwa kasi.

fundi_maski
Dada umesema kweli, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mimi nafanya mara mbili, kwanza kompyuta inachuja, halafu macho.

Kompyuta haijui kikombe ni nini lakini inajua kuhesabu. Kwenye maski nauliza maswali matatu. Chombo kimechukua sehemu gani ya picha? Ikiwa chini ya asilimia 8 pengine imekata kifuniko ikaacha sufuria, ikiwa juu ya 85 imelichukua shuka zima. Je, maski imegusa ukingo wa picha? Kama imegusa, ama ulipiga chombo kikakatwa na fremu, ama kipande cha shuka kimebaki. Na tatu, kijivu ni kiasi gani ukilinganisha na chombo? Kijivu kingi maana yake modeli ilisitasita, haikuwa na uhakika.

```python
from pathlib import Path
from PIL import Image
import numpy as np

for p in sorted(Path("maski").glob("*.png")):
    m = np.asarray(Image.open(p).convert("L"))
    eneo = (m > 127).mean()
    ukingo = max(m[0].max(), m[-1].max(),
                 m[:, 0].max(), m[:, -1].max())
    kijivu = ((m > 20) & (m < 235)).mean() / max(eneo, 0.001)
    if eneo < 0.08 or eneo > 0.85 or ukingo > 127 or kijivu > 0.10:
        print(p.stem, round(eneo, 2), ukingo, round(kijivu, 2))
```

Hizo namba 0.08 na 0.10 siyo msahafu. Chukua picha 15 unazojua ni nzuri na 15 unazojua ni mbovu, angalia zinatoa namba gani, ndipo uweke mpaka wako. Mtu anayepiga hereni, chombo chake asilimia 8 hakifiki hata siku moja, skripti itamwambia zote mbovu.

mpiga_jioni
Imenipa majina 97. Nimefungua zote. Kati ya hizo 48 ni glasi ZOTE, yaani kila glasi niliyopiga iko humo. 30 ni mbovu kweli, kuna sahani imeondoka na kipande cha meza, kuna mwiko umebaki mpini tu. 19 zilizobaki ni nzima, ni vijiko tu vimejaa kidogo kwenye fremu. Kwa hiyo hizi 515 nyingine ziko salama?

fundi_maski
Hapana! Hicho ndicho kichujio hakiwezi. Sikio la kikombe lenye bluu ndani halibadilishi eneo kwa kiasi cha kuonekana, haligusi ukingo, halina kijivu. Kwa skripti hicho kikombe kizuri kabisa. Hapo macho yanahitajika, ila siyo kufungua faili moja moja, na siyo juu ya nyeupe. Zipange 30 kwenye karatasi moja juu ya rangi ya kukera:

```
magick montage -label "%t" 'kata/*.png[300x300]' -background magenta \
  -geometry 300x300+6+6 -tile 6x5 karatasi.png
```

515 zitakupa karatasi 18. (Hamisha zile 97 kando kwanza.) Juu ya hiyo pinki sahani nyeupe iliyong'atwa inapiga kelele yenyewe, sikio la kikombe likiwa na bluu badala ya pinki unaliona ukiwa umekaa mbali, na kipande cha shuka kilichobaki kinaonekana kama kisiwa. Jina la faili liko chini ya kila moja, unaandika kwenye daftari. Usiangalie karatasi zote kwa mkupuo, baada ya kama karatasi 6 macho yanaanza kukubali kila kitu. Nyanyuka, kanywe maji, rudi.

mama_wa_kazi
Sasa hapo tumeelewana. Ila mbona pinki na siyo kijani?

fundi_maski
Yoyote ambayo haipo kwenye bidhaa wala kwenye shuka. Yeye ana melamini za kijani na shuka la bluu, pinki kali nadhani hana.

mpiga_jioni
Nina mabakuli ya pinki 6 😂 ila nimeyakumbuka, hayo nimeyaangalia juu ya nyeusi.

Nimemaliza karatasi zote, dakika kama 40 na mapumziko. Zimepatikana 64 nyingine. 52 ni masikio ya vikombe, birika na mishikio ya sufuria. 12 sahani nyeupe zimeliwa. Sasa hizi 52 ndizo zinaniumiza, nizichore kwa mkono zote?

BabaAbduu
Nilisema mimi.

fundi_maski
Ulisema mzee, na sasa ndiyo zamu yako. Hizo 52 zirudishe Photoshop kwa aksheni hii. Kwanza Select > Color Range, chukua bluu ya shuka, ongeza na sampuli ya bluu yenye kivuli kwa ile pipeti ya kujumlisha, OK, kisha Select > Save Selection uiite `shuka`. Deselect. Halafu Select > Subject. Halafu Select > Load Selection, chagua `shuka`, weka Subtract from Selection. Hapo modeli imeshika kikombe na rangi imetoboa sikio. Ndipo Select > Modify > Contract pikseli 1, kisha maski. Color Range inarekodi rangi zenyewe siyo mahali ulipobonyeza, kwa hiyo haina lile tatizo la nukta ya Magic Wand.

Onyo moja tu, vikombe vyenye maua ya bluu vitoe kwenye kundi hilo, vitatobolewa maua.

BabaAbduu
Na aksheni zirekodiwe mbili, ya asubuhi na ya jioni, maana umesema mwenyewe bluu imebadilika. Agawe folda kwa saa picha ilipopigwa.

fundi_maski
Hilo ni wazo zuri kuliko langu, nimelichukua.

mpiga_jioni
Nimefanya hivyo, folda mbili. 52 zimebaki 7 za kuchora kwa mkono, 5 kati yake ni hayo maua. BabaAbduu nakudai soda, au wewe unanidai, vyovyote.

Sasa sufuria za aluminiamu. Kukata zimekatwa vizuri lakini tumbo lote la chini ni la bluu. Nimejaribu Layer > Matting > Defringe pikseli 1, 2, 3, mstari wa pembeni umepungua, bluu ya tumboni iko pale pale.

fundi_maski
Hiyo haitoki kwa kukata, kwa sababu siyo makosa ya kukata. Aluminiamu ni kioo, imeliona shuka na kulionyesha. Bluu hiyo ni sehemu ya sufuria kwa kadiri picha inavyojua. Unaweza kuweka Hue/Saturation, uchague Blues, ushushe Saturation hadi karibu -90, na hilo linaingia kwenye aksheni bila shida maana sufuria haina bluu yake yenyewe. Inabaki kijivu, itapita. Lakini sufuria yenye mshikio wa plastiki ya bluu itageuka ya maiti, itoe. Na safari nyingine beba karatasi nyeupe ya mita moja, si gharama.

mpiga_jioni
Nimeweka -85, zimekubalika. Glasi je? 48.

kodi_usiku
Glasi mimi hukataa kazi 😂 Serious. Kitu chenye mwanga unapita ndani, modeli inachagua ama iache shuka ndani ya glasi ama itoboe glasi.

BabaAbduu
Weka leya ya glasi Multiply juu ya nyeupe.

fundi_maski
Multiply inafanya kazi kama nyuma ilikuwa nyeupe au karibu. Juu ya bluu utapata glasi ya bluu. Kwa hizi 48 ushauri wangu ni mchungu, rudi ukapige upya. Karatasi nyeupe nyuma yenye taa yake, na vipande viwili vya kadi nyeusi kushoto na kulia nje ya fremu ili kingo za glasi zipate mstari mweusi. Hapo huhitaji hata maski, Levels tu.

retacha_Mza
Sikubaliani na fundi kuhusu kurudi. Mimi glasi naziondoa rangi kabisa, Desaturate, kisha maski ya nje tu kwa Pen Tool, ndani naacha kijivu. Wateja wangu wa Mwanza hawajawahi kulalamika.

fundi_maski
Na ile mikunjo ya shuka inayoonekana kupitia glasi?

retacha_Mza
Inaonekana kama mng'ao bana.

fundi_maski
Inaonekana kama shuka la kijivu.

mpiga_jioni
Duka si mbali, Jumatano asubuhi nitarudia glasi, naona ni rahisi kuliko kubishana na nyie. Hatua ya mwisho sasa, kuweka 2000 kwa 2000.

kodi_usiku
Acha chombo kichukue 1700 kati ya 2000, ni asilimia 85. Amazon kwenye picha kuu ndivyo wanavyotaka, bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu na nyeupe iwe 255,255,255 kamili, kwa hiyo mteja wako siku akitaka kwenda huko picha ziko tayari.

```
mkdir -p tayari
for f in kata/*.png; do
  n=$(basename "$f" .png)
  magick "$f" -trim +repage -resize "1700x1700>" \
    -background white -gravity center -extent 2000x2000 \
    -alpha remove -alpha off -quality 92 "tayari/$n.jpg"
done
```

Hiyo alama `>` inazuia kukuza vitu vidogo. Uking'ang'ania kukuza kijiko cha pikseli 600 kitakuwa uji.

mpiga_jioni
Imeenda. Glasi zimepigwa upya, ziko 48, jumla 612, nimehesabu kama nilivyofundishwa. Ila kuna kama 9 chombo kimekuwa kidogo na kimekaa kona, kijiko kimoja kiko juu kulia kama kimekimbia. Kwenye karatasi ya pinki zilionekana nzima.

fundi_maski
Kuna kidoa. Mahali fulani kwenye maski kimebaki kidoa cha pikseli mbili tatu, kwenye picha ndogo ya 300 hukioni. `-trim` inakata mpaka pale kitu cha kwanza kinapoanza, kwa hiyo inahesabu kidoa kama sehemu ya chombo. Chombo pamoja na kidoa chake ndiyo vimewekwa katikati. Fungua maski hizo 9, paka nyeusi kidoa, pitisha tena.

Na kwa sababu hiyo mimi huwa napiga karatasi ya pili, hii ya `tayari`, juu ya kijivu. Hapa siangalii kingo tena, naangalia kama vyombo vinalingana ukubwa kwenye mstari, vilivyokimbia vinajitokeza.

mama_wa_kazi
Mimi bado nina neno. Sufuria zinaelea. Hazina kivuli, zinaonekana kama stika.

retacha_Mza
Weka Drop Shadow kwenye aksheni.

fundi_maski
Drop Shadow inafanya sufuria ionekane imebandikwa ukutani, kivuli kinaangukia nyuma siyo chini. Kivuli cha kweli ni kile kilichokuwa kwenye shuka na tumekitupa. Unaweza kuchora duara bapa la kijivu chini ya kila chombo kwa skripti, lakini sahani uliyoipiga kutoka juu itapata duara hilo hilo na itachekesha. Ungelazimika kugawa folda kwa pembe ya kamera.

BabaAbduu
Mteja kasema kivuli? Hajasema. Muacheni kijana alale.

mama_wa_kazi
Hajasema kwa sababu hajaona.

mpiga_jioni
Nimempelekea 20 za mfano leo jioni, 10 bila kivuli na 10 nimechora duara kwa mkono. Kajibu "zote nzuri kaka, ila yule mtu wa bei yuko wapi", yaani anataka na bei iandikwe juu ya picha. Sijui kama alikuwa anasoma. Kuna mwenye skripti ya kusoma bei kutoka kwenye jedwali na kuibandika?

shamsa_mikoba
Mie nilipiga mkoba juu ya karatasi ya pinki kama mlivyosema, mikanda imetoka yote. Asanteni jamani.

fundi_maski
Dada ile pinki ilikuwa ya kukagulia 😂 ila kama imetoka endelea nayo.